Kalenda ya Nyuki Ipo Mtini

Tuliondoka Tabora alfajiri kuelekea Sikonge, mwishoni mwa Mei. Mvua ilikuwa imekwisha na nyasi za pembeni zimeanza kugeuka rangi ya majani makavu. Baada ya barabara kuu tulishika njia ya baiskeli ndani ya miombo, hadi kambini kwa mzee mfugaji nyuki tuliyemfuata. Nilipomwamkia alinijibu, "Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati asali imeiva." Nikamuuliza amejuaje kabla ya kufungua mzinga. Akanyoosha kidole kwenye mti wa muba ulioning'iniza maganda mabichi. "Ua limekwisha kuwa ganda. Nyuki hawaleti tena, sasa wanafunika."

Tulipotembea kutoka mzinga hadi mzinga alinieleza mwaka wake. Haanzi na Januari. Anaanza na mtundu, unaochipua majani mekundu na kutoa maua kati ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Kabla ya hapo mizinga mipya huwa imekwisha kutundikwa, vipande vya juu vimepakwa nta ili harufu yake ivute makundi yanayotafuta makao, na waya zimepakwa grisi kuzuia siafu. Anayetundika maua yakiwa yamepukutika hupata mzinga mtupu.

Maua ya mtundu huleta mavuno madogo ya Novemba na Desemba. Hapo ndipo wengi huharibu mwaka, kwa kukomba asali yote. Muba huchanua kuanzia Februari, nao ndio wenye asali nyingi. Lakini nyuki kibarua huchukua siku 19 au 20 kutoka yai hadi kutoka kwenye sega, kisha hufanya kazi za ndani kwa takriban wiki tatu kabla ya kwenda mauani. Kwa hiyo kama muba utachanua katikati ya Februari, nyuki watakaoufaidi ni mayai yanayotagwa mwanzoni mwa Januari. Mwezi huo mvua huwafungia nyuki ndani na maua ni haba. Malkia hutaga ikiwa akiba ipo. Ikiwa hakuna, hupunguza, na kundi dhaifu hukutana na maua mengi bila wa kuyafuata. Kundi lililokombwa kabisa huweza hata kuhama.

Mzee alinionyesha mzinga mmoja wa vipande 26. Desemba ulikuwa na masega 16: manane ya majana na manane ya asali. Alivuna matatu tu, akaacha matano yawe chakula cha Januari. Jioni ile, jua lilipotua na ukali wa nyuki kupungua, tuliufungua. Alipuliza moshi mwepesi, akangoja, kisha akaanza kutoa masega kutoka ukingoni, moja moja, akiyashika wima ili yasivunjike. Sasa yalikuwa masega 24, tisa ya majana na 15 ya asali.

Sega la kwanza lilikuwa limefunikwa nta nyeupe karibu lote. Akalikata kwenye ndoo yenye mfuniko. La pili vivyo hivyo. Alipofikia sega lenye vijumba vingi wazi alilirudisha. "Hili bado lina maji," akasema. Kipimo chake ni robo tatu: sehemu hiyo ya sega ikiwa imefunikwa, nyuki wenyewe wamekwisha kupunguza maji. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 ni rahisi kuchacha: hutoa povu, harufu ya uchachu, na mfuniko wa ndoo huvimba. Hata asali iliyoiva hunyonya unyevu wa hewa ikiachwa wazi, ndiyo maana ndoo ilifunikwa baada ya kila sega, na ndiyo maana havuni siku ya mvua.

Alikata masega tisa, yaliyotoa kama kilo 10, akaacha sita. Majana hakuyagusa. Sita hayo ni ya miezi ya kiangazi, Julai na Agosti, kabla mtundu haujachipua tena. Asubuhi iliyofuata alifyeka nyasi kuzunguka kila mti wenye mzinga, kwa sababu baada ya mavuno huja moto wa porini.

Usiige tarehe zake. Mvua ikichelewa, muba nao huchelewa, na kwenu huenda mti mkuu ni mwingine kabisa. Andika mwaka huu siku mti wenu mkuu ulipoanza kuchanua na siku ua lilipogeuka ganda. Rudi nyuma siku 40 kutoka ua la kwanza: hapo kundi lazima liwe na akiba. Baada ya ganda, kagua masega, na vuna yaliyofunikwa tu.