Jibu la Mwaliko wa Homa Bay

Suna, Migori

Mpwa wangu mpendwa,

Nimelisoma tangazo la kazi ulilonitumia pamoja na mwaliko wa usaili, na naona sababu zako za kutotaka kwenda ni za haki. Juu wameandika karani wa hesabu, lakini huku chini wanataka mtu wa kufuatilia wadaiwa Ndhiwa, Mbita na Kendu Bay, Jumamosi zikiwamo. Wewe unatafuta kazi ya kushika vitabu, na Jumamosi ndiyo siku yako ya kujiandaa kwa mitihani ya CPA.

Mshahara nao nimeupigia hesabu. Katika shilingi 25,000 wanazotoa kwa mwezi, NSSF itachukua asilimia 6, yaani 1,500. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, ambayo ni 687.50, na tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 375. Kodi ya mapato haitakufikia, kwa kuwa nafuu ya 2,400 kwa mwezi inaifuta. Mkononi utabaki na 22,437.50, na humo utoe kodi ya chumba Homa Bay, chakula, nauli ya kurudi nyumbani na ada ya mitihani.

Jiulize jambo moja kabla ya kuandika: wakikuongezea pesa, utaikubali kazi hiyo? Kama ndiyo, wapigie uulize iwapo mshahara unaweza kujadiliwa. Kama kinachokukwaza ni kudai madeni, usiguse habari ya pesa. Watapandisha kidogo, nawe utakosa la kusema. Kwa ulivyonieleza, kinachokukwaza ni majukumu, basi taja hayo peke yake.

Jibu kwenye barua pepe ileile ya mwaliko, ili jina lako na nafasi uliyoomba vionekane. Andika hivi:

"Asante kwa kunialika kwenye usaili wa nafasi ya karani wa hesabu siku ya Alhamisi. Baada ya kuyasoma upya majukumu, nimeona sehemu kubwa ni ya kufuatilia mikopo nje ya ofisi, ilhali mimi natafuta kazi ya uhasibu wa ofisini. Kwa hiyo naomba kuliondoa ombi langu. Nawatakia heri katika kumpata anayefaa."

Inatosha. Usisingizie ugonjwa wala msiba, maana watakupangia siku nyingine na utalazimika kudanganya tena. Usiwaambie mshahara wao ni mdogo, yupo atakayeushukuru. Na sentensi ya kuomba wakukumbuke nafasi ya uhasibu ikitokea, iongeze tu kama kweli ungependa kufanya kazi kwao.

Kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Kiti chako kitakaa kitupu Alhamisi, wakati aliyeachwa nje ya orodha angeweza kuitwa akipewa siku mbili za kujiandaa. Itume leo, mwanangu.

Mjomba wako