Kuendesha wiki sita si "chakula kibaya"

Wasee, leo tuongee mambo ya choo bila aibu. Kuhara kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Ikipita wiki nne, hiyo imekuwa kitu ingine, na dawa za kubahatisha hazitaipata.

Binamu yangu, miaka 24, aliendesha wiki sita. Kila mtu mtaani alikuwa na jibu: amiba, taifodi, ukwaju wa jana. Alinunua vidonge duka la dawa mara tatu, akameza siku mbili, akapata nafuu, akaacha. Ikarudi.

Nilimsindikiza kliniki. Nilidhani tutaambiwa tupime kila kitu, kumbe daktari alianza na maswali. Usiku unaamshwa na tumbo? Hapana. Kuna damu? Hapana. Umepungua? Kilo nne. Kuna dawa yoyote unatumia? Hapana. Sasa hii ndiyo ilinishangaza: choo chako kinakaaje? Binamu akainamisha kichwa, akasema kinaelea, kinang'aa mafuta, kinanuka vibaya hata kikishafulashiwa. Pia anabeua harufu ya yai bovu.

Daktari akatueleza. Choo cha mafuta kinamaanisha utumbo mdogo haufyonzi chakula vizuri. Kingekuwa na damu na kamasi, angeshuku utumbo mpana. Kingekuwa maji tupu hata usiku, hata bila kula, angefuata njia ingine. Halafu akauliza maji ya hosteli yanatoka wapi. Ni ya tangi, na hawachemshi. Akashuku jiadia, kimelea kinachoenea kwa maji machafu.

Sampuli ya kwanza ilisema hakuna kitu. Binamu alikuwa tayari kwenda nyumbani, lakini daktari akataka mbili zaidi, siku tofauti, kwa sababu jiadia haitoki kwenye choo kila siku. Ya tatu ikaipata. Alipimwa pia damu, pamoja na virusi vya Ukimwi, kwa vile kuhara kwa muda mrefu kunaweza kuwa dalili yake.

Alimaliza dawa, akapona, kisha akinywa chai ya maziwa tumbo inaanza tena. Jiadia haikuwa imerudi. Ukuta wa utumbo ukiumia, unakosa kwa muda kile kinachosaga sukari ya maziwa. Aliacha maziwa wiki chache, ikatulia.

Kwa maoni yangu, karatasi moja ya maabara iliyoandikwa "hakuna" isikufunge mdomo. Na kama unaamshwa usiku, unaona damu, una homa au unakonda, usingoje wiki nne ziishe. Wengine huhitaji kamera ya kuangalia utumbo mpana. Ukienda, mwambie daktari choo chako kinakaaje. Ashasikia mabaya zaidi.