Picha Iliyotuchukulia Mbuzi Wawili

Siku ya Jumatatu, tarehe 19 Mei 2025, tuliuza mbuzi wawili kwa Sh18,000, wala hatukupata hata ndururu. Sisi ni wanawake watano wa hapa Mackinnon Road, tunafuga kwa shirika, na fedha za mauzo huingia katika simu ya mwenzetu mmoja ambaye ndiye mweka hazina. Mnunuzi alijitambulisha kuwa ni mtu wa Diani aliyejaaliwa mtoto wa kiume, naye alitaka mbuzi wawili wa akika. Hakuja mwenyewe. Alimtuma kijana mwenye pikapu, akaegesha karibu na msikiti wa Sayyid Baghali kandokando ya reli, na muda si mrefu ikaingia kwa WhatsApp picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa M-Pesa kwamba zile fedha zimetumwa.

Katika simu yetu hakukuwa kumeingia kitu. Mnunuzi akapiga na kusema kwa upole, "Mama, mtandao una mzigo leo, lakini ushahidi si mnao? Kijana ana safari ndefu, na magharibi inakaribia." Tulitazamana. Picha ilikuwa na jina MPESA juu, ina rangi zilezile na maneno yaleyale tuliyoyazoea. Tukaona haya kumweka mtoto wa watu juani. Pikapu ikashika njia ya Samburu kuelekea Kinango, na baada ya isha ile nambari haikupatikana tena.

Usiku ule mkwe wetu, ambaye amewahi kuwa wakala wa M-Pesa kule Msambweni, aliomba aione ile picha. Aliisoma kimya kwa dakika mbili, kisha akaandika vitu vinne tu nyuma ya bahasha:

```
TDB4K7X2QM   19/5/25
Ksh18,000.00   Ksh33.00
```

"Mama zangu," alisema, "picha hii inajikana yenyewe."

Alianza na ile nambari ya muamala ya herufi na tarakimu kumi, ambayo sisi tulikuwa tukiiruka kila siku kama mtu arukaye dimbwi. Kumbe herufi tatu za mwanzo ni tarehe. Ya kwanza ni mwaka: S ilikuwa ya 2024, na T ni ya 2025. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari, B Februari, hivyo hivyo mpaka L ambayo ni Disemba. Ya tatu ni siku: kuanzia tarehe moja hadi tisa huandikwa tarakimu yenyewe, na kuanzia kumi huanza herufi, A kumi, B kumi na moja, mpaka mwisho wa mwezi. Basi TDB ni tarehe 11 Aprili 2025. Ujumbe wa tarehe 19 Mei ungeanza na TEJ. Hatukumwamini kwa neno lake. Tulifungua jumbe zetu wenyewe za miezi iliyopita, za karo na za unga, na kila moja ikaitikia. Msomaji naye anaweza kufanya hivyo sasa hivi, simu ikiwa mkononi.

Kisha akaja kwenye zile shilingi 33. Ujumbe wa mtumaji huonyesha ada aliyokatwa. Wa mpokeaji hauonyeshi. Kwa viwango vya mwaka ule, mtu anayemtumia mwenziwe kati ya Sh1,501 na Sh2,500 hukatwa Sh33, lakini anayetuma Sh18,000 hukatwa Sh105. Hapo kisa chote kikaanuka kama nguo kambani: yule bwana alichukua ujumbe wa kweli wa mwezi Aprili, alipomtumia mtu mwingine kama elfu mbili hivi, akabadilisha jina, kiasi na tarehe, akasahau nambari na ada. Aligeuza yale anayojua kuwa macho yetu huyatafuta, akayaacha yale tusiyoyatazama.

Mweka hazina wetu aliuliza kuhusu jina MPESA lililokuwa juu ya picha. Mkwe wetu akachukua simu ya mmoja wetu, akaihifadhi nambari yake mwenyewe kwa jina hilo, akatutumia ujumbe, nao ukatokea umeandikwa MPESA. Katika simu yenyewe ungelibonyeza lile jina ukaiona nambari ya 07 au 01 iliyojificha nyuma yake. Picha haibonyezeki. Ndiyo maana matapeli wanaipenda.

Akatuonya pia tusiifanye hesabu hii ya herufi kuwa kinga. Hesabu hiyo inaweza kuonyesha kuwa picha ni ya uongo, lakini haiwezi kuthibitisha kuwa ni ya kweli. Tapeli mwenye subira ataandika TEJ na Sh105, na picha yake itapita. Tena malipo ya till yana ada zake nyingine, kwa hiyo mtu asije akamtuhumu mteja mwema kwa sababu tarakimu haikulingana na hii yetu. Cha kutazama ni salio la anayelipwa. Mweka hazina angebonyeza *334# akaangalia salio lake, na katika muda wa kumaliza kikombe cha kahawa tungelijua kwamba hakuna kilichoingia. Hili ndilo linalotuuma zaidi kuliko mbuzi: jibu lilikuwa katika simu yetu, nasi tukalitafuta katika simu ya mtu mwingine.

Haikupita miezi miwili, binti yetu anayefanya kazi Ukunda alitutumia picha ya barua pepe. Ilibeba nembo ya benki yake, ikisema akaunti itafungwa baada ya saa 24 asipohakiki, na chini yake kitufe cha kijani. Safari hii hatukubishana juu ya nembo wala lugha. Tulimwambia atupigie picha mbili zaidi: moja baada ya kubonyeza jina la mtumaji ili anwani kamili itokee, nyingine baada ya kukishikilia kile kitufe kwa kidole bila kukigusa na kuachia, mpaka kiungo kionekane. Anwani ya mtumaji haikuwa na uhusiano wowote na benki. Kiungo nacho kilikuwa na sura hii, majina tumeyabadilisha:

```
https://benkiyako.co.ke.hakiki-akaunti.com/ingia
```

Jicho lilitulia kwenye benkiyako.co.ke, na hapo ndipo lilipokusudiwa litulie. Lakini mwenye anwani hajulikani kwa mwanzo wake. Ruka mikwaju miwili iliyo baada ya https, nenda mpaka mkwaju unaofuata, kisha rudi nyuma: kilicho mara tu kabla yake ndicho jina la mwenye nyumba. Hapa ni hakiki-akaunti.com. Yote yaliyotangulia ni mapambo ya mlangoni, ambayo mtu yeyote hujiandikia apendavyo. Kama ingekuwa ya benki ile kweli, co.ke ingefuatwa na mkwaju, si nukta.

Binti aliifuta, akaenda tawini kwa miguu wakati wa chakula cha mchana. Akaunti yake haikuwa na kasoro yoyote. Aliporudi alituuliza kama mweka hazina bado anapokea picha za wateja. Anazipokea, hawezi kuwazuia watu. Ila huiweka simu kifudifudi juu ya mkeka, anachukua ile nyingine ndogo yenye laini ya chama, anabonyeza *334#, na mbuzi wanangoja wamefungwa.