Ukurasa Mtupu na Ukurasa Usiosomeka

Mwaka juzi, nikiwa hapa nyumbani Kwamndolwa, niliandika neno moja la silabi tano lililokaribia kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja. Neno lenyewe ni "haisomeki". Leo nataka kueleza kwa nini halikuwa neno la haki, na ni neno gani lililostahili kukaa mahali pake, kwani najua baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu nao huletewa picha za maandiko ya kale na kuombwa wayanukuu kwa herufi za Kirumi.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, aliniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nakutumia picha za daftari la marehemu babu wa Pangani. Sote tumesoma shule, lakini herufi hizi hakuna anayezijua." Picha zilikuwa 23, kila ukurasa na picha yake. Ulikuwa utenzi, umeandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa pwani. Herufi hizo nilizisoma chuoni kwa maalimu kabla sijaingia darasa la kwanza, nikakubali kazi kwa furaha.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipofika picha ya 14. Palikuwa na karatasi iliyogeuka rangi ya chai na doa la maji pembeni, na katikati vivuli hafifu vilivyopinda kama herufi. Nikatazama, nikakuza picha, macho yakachoka. Nikaandika: "Picha ya 14: [haisomeki]." Nikaendelea na ya 15.

Miezi miwili baadaye yule kijana alinipigia simu. Jamaa zake walikuwa wameisoma kazi yangu, wakaelewa kama mtu yeyote angeelewa: kwamba katika ukurasa ule babu aliandika jambo, ila Mwalimu ameshindwa kulisoma. Wakampelekea picha mtu mwingine aliyesifiwa kuwa na macho makali. Huyo akapokea ujira wake, akawaletea beti mbili. Zilikuwa beti nzuri: kila kipande mizani minane, vina vitatu vya kwanza vinalingana, na kina cha nne ndicho kile cha bahari kinachorudi katika utenzi mzima. Kwa bahati mbaya zilisema pia kwamba minazi ya ng'ambo ya mto iangaliwe na mtoto wa kwanza. Sasa watoto wa marehemu walikuwa wamegawanyika kambi mbili, na wote walikuwa wakisubiri neno langu.

Hapo ndipo nilipoitazama picha ya 14 jinsi nilivyopaswa kuitazama tangu awali.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuigeuza picha kama inavyogeuka sura kwenye kioo. Simu nyingi zina uwezo huo katika sehemu ya kurekebisha picha. Vivuli vilipogeuka vilianza kusomeka: mkia wa herufi ya mwisho ukatazama upande wake wa haki, na neno moja la katikati likajitokeza waziwazi. Maandishi yanayosomeka baada ya kugeuzwa si ya ukurasa huo. Ni wino uliopenya kutoka nyuma ya jani, au uliojipiga chapa kutoka ukurasa unaokabiliana nao daftari lilipofungwa kabla wino haujakauka. Hali zote mbili hugeuza herufi, kwa hiyo mnukuzi asikimbilie kuchagua moja. Alinganishe kwanza. Nikaweka picha iliyogeuzwa kando ya ukurasa wa 13, kisha kando ya ule wa 15. Mistari ikalingana na ile ya 13, mstari kwa mstari. Ukurasa wa 13 na wa 14 ni uso na mgongo wa jani moja, hivyo wino ulikuwa umepenya.

Hata hivyo, vivuli kuwa vya ukurasa mwingine hakuthibitishi kwamba hapakuwahi kuandikwa chochote. Pengine wino wa 14 wenyewe ulifutika. Kwa swali hili nilihitaji ushahidi kutoka nje ya picha ile, na ushahidi huo aliuacha babu mwenyewe.

Waandishi wa maandiko ya herufi za Kiarabu wana desturi ya kuandika chini ya ukurasa, pembeni kushoto, neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili majani yakitawanyika yaweze kupangwa tena. Wengi huliweka upande wa mgongo wa jani tu, lakini mzee huyu aliliweka kila ukurasa. Chini ya ukurasa wa 13 aliandika neno "hata". Ukurasa wa 15 unaanza na "hata". Nikakagua kurasa nyingine zote ili nisije nikategemea bahati, nikakuta neno la chini halikukosea hata mara moja. Kwa hiyo mwandishi mwenyewe anatuambia kwamba baada ya 13 inakuja 15. Ubeti wa mwisho wa 13 ulikuwa umekamilika, jambo ambalo peke yake lisingetosha, kwa kuwa beti nzima zinaweza kupotea bila kuacha kovu. Neno la chini ndilo lililofunga mlango. Lingekuwa limesema kitu kingine, ningelazimika kuandika kwamba hapa pamekatika, na kwamba huenda kuna beti zilizopotea ambazo hatuzijui.

Mwisho nilimwomba kijana apige picha upya mchana, jani likiwa limelala mezani na mwanga ukitoka dirishani kwa ubavu, si kutoka juu. Mwanga wa ubavu huonyesha mchubuko wa kalamu hata pale ambapo wino umekwisha. Alituma picha tatu. Karatasi ilikuwa laini, isipokuwa pale doa la maji lilipoikunja.

Ndipo nilipoandika upya: "Picha ya 14: [Ukurasa mtupu. Vivuli vinavyoonekana ni wino wa ukurasa wa 13 uliopenya, navyo vinasomeka picha ikigeuzwa. Neno la chini ya ukurasa wa 13 linapatana na neno la kwanza la ukurasa wa 15. Hakuna dalili ya beti zilizopotea.]"

Tazama tofauti. "Haisomeki" ni habari ya mnukuzi: mimi nimeshindwa. "Ukurasa mtupu" ni habari ya ukurasa: hapa hakuna kitu. Anayesema la kwanza huku akimaanisha la pili anaacha pengo, na pengo humwalika mtu wa kulijaza.

Upo pia upande wa pili wa kosa hilo, nao ni mbaya vilevile: kuandika "mtupu" mahali ambapo maandishi yapo ila yamefifia. Katika herufi za Kiarabu hatari hii ni kubwa, kwani nukta zikifutika, jino moja mwanzoni mwa neno laweza kuwa ba, ta, tha, nun au ya. Na hata nukta zikiwapo, wazee wengi walitumia ba hiyohiyo kwa sauti za b, p na mb, hivyo umbo moja laweza kusomwa baba, papa au pamba, na ni maneno yaliyolizunguka tu yanayoamua. Maneno hayo yakiwa yamefifia yote, hakuna wa kuamua. Hapo neno la haki ni: "[Maandishi yapo, mistari kama tisa, hayasomeki katika picha hii.]" Naweka "katika picha hii" kwa makusudi, kwa sababu sijaliona jani. Nimeiona picha, na huenda jani lina zaidi ya linavyoonyesha. Na kama picha yenyewe ndiyo yenye kasoro, imetikisika, ina kivuli cha mkono, au imefunguka ikiwa nyeusi tupu, basi tusiusingizie ukurasa. Tuandike kwamba picha haionyeshi ukurasa, na tuombe nyingine.

Lililo baya kupita yote ni kuiruka picha kimya kimya. Msomaji akipewa picha 23 na kurasa 22 za unukuzi, hajui ni wapi hesabu ilipotea, na kuanzia hapo kila ukurasa unabeba namba ya mwenzake.

Wengi wetu tulimjua Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga kwa njia ya kitabu cha herufi za Kirumi. Utenzi wake juu ya vita vya Wadachi vya mwaka 1307 wa Hijria uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nasi tukaupata kwa mkono wa mhariri, J.W.T. Allen. Mwaka 1970 Allen huyohuyo alitoa orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msomaji asiyezijua herufi zile hana njia ya kumkagua mnukuzi. Anachoambiwa kwamba kipo, kwake kipo, na anachoambiwa kwamba hakipo, kwake hakipo.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtahiniwa akiacha nafasi wazi, msahihishaji apige mstari wa kalamu nyekundu kukatiza nafasi hiyo, ili mtu asije akaongeza jibu baadaye. Na jibu lililoandikwa kwa mwandiko mbaya halikuwa nafasi wazi. Lilikuwa na alama yake tofauti, likapelekwa kwa msahihishaji wa pili. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30 bila kukosea, kisha nikastaafu, nikapewa daftari la mzee wa watu nikasahau kupiga mstari.

Maelezo yangu mapya yalisomwa mbele ya watoto wote wa marehemu. Binti mkubwa aliomba aonyeshwe kwa macho yake, wakamgeuzia picha kwenye simu, akatazama sana kisha akasema, "Basi baba hakuandika." Ndugu yake, yule wa minazi, hakusema kitu. Nimeambiwa kwamba beti zile mbili bado amezikunja mfukoni, na kwamba anazighani vizuri sana.