Buletini inapozuiliwa juu ya deni



Hapa Kambove, mwisho wa mwaka wa masomo unaleta furaha ku nyumba moja na haya ku nyumba ya pili. Mutoto anarudi mikono mitupu: "Banakatala kunipa buletini, kunabakia deni." Wazazi wengi wananyamaza, wanangoja feza ipatikane. Lakini buletini inaonyesha kama mutoto anapita, anarudilia mwaka, ao anapashwa kufanya repeshaji, ni kusema mutihani wa pili katika somo alilokosa. Repeshaji inafanyika mbele ya mwaka mupya kuanza. Mutoto asiyejua alama zake hawezi kujitayarisha, na deni ya dola kidogo inaweza kumupotezea mwaka muzima.

Ujue kwanza unaenda kuomba nini. Katiba ya 2006, kipengele cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya bure katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitimiza. Sekondari haimo. Kwa hiyo, ukiwa na mutoto wa sekondari, usiingie kwa prefe na kupaza sauti juu ya masomo ya bure. Unaenda kupatana.

Nitakuelezea namna tulivyofanya na mama mumoja wa kanisa letu, mwenye kuuzisha mikate sokoni. Kijana wake alikuwa sekondari, na masomo ilisema deni ni dola 105. Nilimwomba alete resi zote, hata zile zilizokunjwa ndani ya Biblia. Tulizipanga kufuata tarehe, tukaandika jumla, kisha tukaenda kwa ekonome kulinganisha na kitabu chake. Resi moja ya dola 15 haikuandikwa kitabuni. Ekonome aliitazama, akaona kashe ya masomo, akairekebisha. Deni ikabaki 90. Malipo mengine mama alisema alitoa ku mukono bila resi. Hayo hatukuweza kuyadai.

Mbele ya kuona prefe, tulihesabu nguvu ya nyumba. Katika juma nzuri mama aliweza kuweka dola 5 pembeni, katika juma mbaya 2 na nusu. Tulichagua hesabu ya juma mbaya: dola 10 kwa mwezi. Na hatukuenda mikono mitupu. Alikuwa na dola 20 ndani ya kitambaa. Ilibaki 70, ni kusema miezi saba, kuanzia Julai mpaka Januari.

Mama alisema mwenyewe: "Baba Prefe, siombi deni ifutwe. Niko na 20 leo, na kumi kila mwisho wa mwezi. Naomba buletini ya mutoto."

Prefe akajibu: "Mama, wengi wanaahidi, wakipata buletini wanahamisha mutoto. Ulipe 30 kwa mwezi."

Neno lake lilikuwa na ukweli, kwa maana walimu wa sekondari wanategemea pia feza ya wazazi. Lakini mama hakukubali 30. Ahadi kubwa inayovunjika mwezi wa pili inaharibu kuliko ahadi ndogo inayotimizwa. Tuliomba basi jambo dogo kwanza: atuonyeshe alama. Alifungua buletini: hisabati 42 juu ya 100, repeshaji. Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyu mutoto anapashwa kusoma vakansi yote." Hapo mazungumzo yalilegea, akakubali kumi kwa mwezi.

Tuliandika mapatano kwa karatasi mbili, moja ya masomo, moja ya mama, zenye sahihi na kashe. Mambo matatu usiyasahau. Deni ikihesabiwa kwa dola na wewe unalipa kwa franga, andikeni kwamba kiwango ni cha siku ya kulipa, ili pasitokee ugomvi. Andikeni siku ya kutoa buletini. Kwetu ilikuwa siku ileile. Na kila resi iseme "deni ya mwaka uliopita". Septemba ikifika, malipo ya mwaka mupya yanaanza, na pasipo neno hilo kumi yako inaingia upande mupya huku deni ya zamani inabaki palepale.

Mwezi wa Oktoba mikate haikuuzika vizuri. Mama alipeleka 6 mbele ya tarehe kufika, akaeleza, na nne zikafuata Novemba. Hakuna aliyemufukuza kijana.

Prefe akikataa kabisa, mwombe alama zilizoandikwa kwa karatasi yenye kashe, kisha uone komite ya wazazi, na nyuma yake ofisi ya sudivizio ya elimu. Ufike huko na resi zako na nakala ya pendekezo lako. Lakini uende mapema, wakati siku za repeshaji zingali mbele.