Swali Nililolipwa Kuliruka

Kwa miaka kadhaa sasa, nje ya saa za darasani, nimekuwa nikilipwa kuongoza mijadala ya mtandaoni ya mashirika. Wengi hudhani malipo yale ni ya dakika 90 ambazo sura yangu huonekana kwenye kioo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika siku mbili kabla, katika mazoezi, na huko ndiko nilikofanya kosa ninaloliandika leo.

Mazoezi nayafanya ndani ya Zoom, katika hatua iitwayo Practice Session, ambamo wazungumzaji huonana bila hadhira kuwaona mpaka nibonyeze Start Webinar. Namtaka kila mzungumzaji aingie kwa kompyuta ileile, chumba kilekile na mtandao uleule atakaoutumia siku yenyewe. Tukisikia sauti zetu zikiturudia, namtafuta yule asiyelalamika: ndiye aliyefungulia spika bila hedifoni, na mwangwi anaousababisha haumfikii yeye. Nauliza pia habari ya umeme. Kompyuta ina betri, lakini rauta haina. Umeme ukikatika, mtandao hukatika nao. Kwa hiyo kila mmoja huwa na simu yenye bando karibu yake, na tunaijaribu palepale. Msaidizi wangu nampa hadhi ya Co-host ili nikipotea mimi, mjadala usipotee.

Hayo yote niliyafanya vizuri katika mjadala mmoja kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tulipofika kwenye sehemu ya maswali, Q&A, ofisa mawasiliano wa shirika lililoniajiri akaniuliza kwa upole kama hadhira ingeona maswali yote au yale yaliyojibiwa tu. Akapendekeza yaliyojibiwa tu, "ili kioo kisijae." Niliona ni jambo la mpangilio, nikachagua Answered questions only, tukaendelea na majaribio ya slaidi.

Siku ya mjadala maswali yalimiminika. Katika orodha ambayo wazungumzaji na waendeshaji tu ndio walioiona, niliyahesabu 11 yaliyouliza jambo moja kwa maneno tofauti: posho za wahudumu zilizochelewa zingelipwa lini? Simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa ofisa yule: "Dkt., hilo la posho tuliruke, muda hautoshi." Muda ulikuwepo, dakika 14. Nikasoma swali juu ya mafunzo, kisha jingine juu ya vifaa, nikawashukuru wote, nikafunga. Malipo yangu yaliingia wiki iliyofuata.

Kisha akanipigia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa halmashauri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Njema. Nilikuwepo kwenye ule mjadala wenu. Swali la posho niliandika. Lisiposomwa nikadhani labda ni mimi peke yangu ninayeliona ni tatizo, nikanyamaza."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu nilijua hakuwa peke yake. Walikuwa 11, na kila mmoja alikaa mbele ya kioo chake akiamini ni yeye tu. Ukumbini mtu akinyimwa kipaza sauti, angalau jirani huona mkono wake ulioinuliwa. Mimi niliificha mikono yote 11 kwa kubonyeza mara moja, na ofisa yule hakuwa amenilazimisha.

Tangu hapo, mapatano yangu ya kazi yana sharti moja ambalo silipunguzi. Hadhira itaona All questions na kuyapigia kura, nami nitaanza na lile lenye kura nyingi. Ninachokiondoa ni matusi na tuhuma dhidi ya watu binafsi, na natangaza hivyo mwanzoni. Maswali yasiyopata nafasi shirika litayajibu kwa maandishi ndani ya siku saba. Wazungumzaji huambiwa haya siku ya mazoezi, ili anayeogopa swali fulani apate siku mbili za kutafuta jibu lake.

Sharti hili lina gharama. Shirika moja lilinishukuru kwa barua nzuri, likamtafuta mwongozaji mwingine. Wala halimlazimishi mkubwa kusema kweli; anaweza kulizungukazunguka swali mbele ya watu 300. Lakini watakuwa wameliona, na wameona ni wangapi wameliunga mkono.

Kwa hiyo, msomaji wangu, utakapoalikwa tena kwenye mjadala wa namna hii, fungua sehemu ya maswali kabla ya kusikiliza hotuba. Ukiliona swali lako tu, uliza hadharani maswali ya wenzako yako wapi.