"Tugawe Tu Sawa" Si Haki Kila Wakati

Wasee, kuna sentensi moja inatoka kila mara bili ikifika mezani: "Tugawe tu sawa, tumalizane." Na mara nyingi anayeisema ni yule aliyekunywa nyingi. Simlaumu, pengine hata hajafikiria. Lakini niliacha chuo, naishi kwa pesa ya video ambayo inaingia ikitaka, na najua shilingi mia nne inaweza kuwa nauli ya siku mbili. Kwa hivyo leo tuongee hesabu.

Chukua meza moja ya watu watano kwenye kibanda cha nyama choma hapa Nairobi. Mbuzi kilo moja na nusu, 2,100. Ugali, sukuma na kachumbari, 800 kwa jumla. Chipsi masala, 400. Bia saba za 300, hiyo ni 2,100. Soda nne, 400. Maji, 100. Jumla 5,900. Mkigawa sawa, kila mtu anatoa 1,180.

Sasa angalia nani alikula nini. Jamaa mmoja alikunywa bia nne, mwingine tatu. Mimi nilikunywa soda mbili. Wa nne alikunywa maji tu. Wa tano ni dada ambaye hali nyama, alikula chipsi zake na soda mbili.

Kitu cha kwanza, bili ipigwe picha kabla ya kulipa, weita akiwa bado karibu. Inyoshe mezani na upige yote, kuanzia jina la hoteli hadi mstari wa mwisho, kwa sababu ukikata kipande cha chini ndicho kile chenye jumla. Usingoje kesho. Karatasi ya mashine hufifia, na kesho hakuna mtu atakumbuka bia ya tatu ilikuwa ya nani. Itume kwenye grupu ya WhatsApp, kila mtu aandike vitu vyake hapo hapo.

Ukisoma picha, chunga mambo mawili. Kwanza, bei ya kimoja na bei ya mstari mzima hukaa karibu. Ukiona 1.5, kisha 1400, kisha 2100, ya mwisho ndiyo unayotumia. Bia nazo zinaweza kuwa mistari mitatu tofauti kwa sababu ziliagizwa kwa raundi, so usihesabu mstari wa kwanza ukadhani umemaliza.

Pili, ushuru. Chini utaona VAT ya asilimia 16, na mahali pengine CTL ya asilimia 2. Kuna mtu kila meza ambaye huona hizo namba na kuanza kuziongeza juu. Tulia. Jumlisha vyakula na vinywaji vyote. Ikitoka 5,900 na jumla ya bili ni 5,900, ushuru ulikuwa ndani ya bei tangu mwanzo. Kwa meza yetu, 5,000 ni mali yenyewe, 800 ni VAT na 100 ni CTL. Hiyo ni maelezo tu, hamdaiwi tena. Lakini vyakula vikijumlisha pungufu ya jumla, kuna kitu kimeongezwa, na mara nyingi kitakuwa `Service Charge`. Na vikizidi ama vipungue bila sababu, mwite weita kabla pesa haijatoka.

Sasa kugawa. Kanuni yangu ni fupi: chako ni chako, na cha pamoja kinagawanywa na waliokula pekee. Nyama iliguswa na wanne, kwa hivyo 2,100 kwa wanne ni 525. Ugali, sukuma na kachumbari viliguswa na wote watano, 800 kwa watano ni 160. Kisha kila mtu anaongeza vitu vyake.

Wa bia nne anafika 1,885. Wa bia tatu, 1,585. Mimi wa soda, 885. Wa maji, 785. Dada wa chipsi, 760. Ukijumlisha unapata 5,900 kamili, na hapo ndipo unajua hakuna mstari umesahaulika.

Linganisha na ile 1,180. Dada angelipa 420 zaidi ya alichokula. Wa maji, 395 zaidi. Na wa bia nne angeokoa 705. Hakuna mtu ameiba, lakini watu watatu wamenunulia wawili pombe bila kuulizwa. Na huyo dada hatasema kitu. Next time mkimwita atakuwa "na kazi". Ndivyo marafiki hupotea pole pole, na nyinyi mnabaki mkisema amebadilika.

Najua swali linakuja: mtu akichelewa je? Hakuna anayepima nyama kwa mdomo, na usijaribu. Mhesabie nusu mtu. Tuseme mmoja kati ya wale wanne alikuja nyama imebaki kidogo. Badala ya kugawa 2,100 kwa 4, gawa kwa 3.5. Inatoka 600. Watatu wanatoa 600 kila mmoja, yeye anatoa 300. Muulize tu, "nusu iko sawa?" Akikubali, imeisha. Chipsi nazo, kama kila mtu alidokoa moja moja, ziache kwa mwenyewe. Kama sahani iliwekwa katikati, hiyo ni ya pamoja.

Tipu ndiyo watu hukosea hata baada ya kugawa chakula vizuri. Wanasema kila mtu atoe mia. Kwangu tipu inafuata ulichokula na kunywa, kwa sababu yule wa bia nne ndiye weita alimtembelea mara nyingi. Kwanza hakikisha hakuna `Service Charge` tayari, ili mwamue kama bado mnataka kuongeza. Kama haipo na mmekubaliana asilimia 10, kila mtu anazidisha namba yake kwa 1.1. Ukipandisha kidogo ili namba ziwe nzuri, unapata 2,075, 1,745, 975, 865 na 840. Hizo ni 6,500. Hoteli inachukua 5,900, weita anapata 600. Mpeeni mkononi ama kwa simu yake, kwa sababu mkiweka kwenye til inaingia kwanza akaunti ya hoteli.

Na kulipa pia kuna hesabu yake. Mteja hakatwi kitu akilipa kwenye til ya M-Pesa, lakini kumtumia rafiki 840 kunakukata shilingi 13. Kwa hivyo kama hoteli inakubali, kila mtu alipe sehemu yake moja kwa moja kwa til, na tipu ikusanywe kando. Kama mmoja amelipia wote, mtumie usiku huo huo.

Si kila meza inahitaji haya yote. Kama wote mmekula karibu sawa na tofauti ni hamsini, gaweni sawa mwende nyumbani. Kama ni bathdei ya mtu, muondoeni na sehemu yake igawanywe na wengine. Lakini penye pombe kwa wengine na maji kwa wengine, toa simu upige picha. Na kama wewe ndiwe uliyekunywa zile nne, sema wewe kwanza: "Bia zangu ziko kando." Ukisema wewe, wa maji hatalazimika kuomba.